Mota ya kisima imeungua tena? Kapime kebo kwanza

Juzi nimeitwa Kigamboni kwenye kisima cha hoteli moja, mota ya pampu imeungua mara ya pili ndani ya mwaka na fundi aliyenitangulia keshawaambia "bosi, hizi mota ni feki". Mi nikauliza kitu kimoja tu, drayvu, kile kifaa kinachobadili kasi ya mota, iko wapi na mota iko wapi? Drayvu iko stoo, mota iko chini kisimani, kebo mita 120. Nikaanza kuhisi.

Iko hivi. Drayvu haitoi umeme laini kama wa Tanesco, inachukua volti 400 inazigeuza DC ya kama 540 halafu inaikatakata, washa zima washa zima maelfu ya mara kwa sekunde, na kila pigo linaweza kupanda mpaka juu kwa maikrosekunde 0.2 tu. Kwenye kebo pigo linatembea kama mita 150 kwa maikrosekunde, kwa hiyo kebo ikivuka mita 15 hivi, yaani 30 kwenda na kurudi, pigo linamaliza kupanda lote kabla lile linalorudi kutoka kwa mota halijafika kwenye drayvu. Umeona wimbi la bahari likigonga ukuta pale Ocean Road linavyoruka juu? Mota ndo ule ukuta. Pigo linagonga, linarudi nyuma, na pale kwenye tamino za mota volti zinarundikana mpaka karibu mara mbili, yaani kama 1,080.

Raundi za kwanza za koili ndo zinakula kishindo. Tulivyofungua mota tukakuta katundu kadogo keusi pale waya unapoingia, koili zingine zinang'aa kama mpya. Ingekuwa ovalodi zingebabuka zote. Na maltimita haikuonyeshi hii kitu, itakwambia volti ziko poa tu, unahitaji oskiloskopu yenye probu ya volti kubwa.

Fundi mwenzangu alishashusha frikwensi ya kukata mpaka 2 kHz. Inasaidia kidogo, makofi yanapungua idadi, ila kila kofi lina uzito uleule.

Tukafunga filta ya sain pale kwenye drayvu, bei iliwauma kweli. Filta ya dV/dt ni rahisi zaidi, ila yenyewe inapunguza ukali wa pigo tu, ya sain inalainisha wimbi lenyewe. Angalizo: frikwensi ya kukata isiwe chini ya ile iliyoandikwa kwenye filta, itachemka, so ile 2 kHz tukaipandisha, na drayvu tukaiweka V/f, yaani volti zipande sambamba na frikwensi.

Kulikuwa na kituko kingine, sensa ya presha ya 4-20 mA ilikuwa inaruka baa 3 mpaka 5, ukizima drayvu inatulia. Waya wake ulikuwa umefungwa zipu pamoja na kebo ya mota, jamani! Filta peke yake haimalizi hiyo kelele, maana kuna mkondo unaovuja kwenda ethi. Waya wa sensa tukautenga sentimita 30 na kebo ya mota, pale unapokatiza kebo ukakatiza kwa pembe mraba, na kebo ya mota tukaweka yenye shildi iliyobanwa mzunguko mzima pande zote mbili, sio kile kimkia cha waya kilichosokotwa. Presha ikakaa baa 4 kimya.