Kubana faili: lini linapungua, lini halipungui

Kubana faili kwa .zip ni kuandika upya yaliyomo ndani yake kwa ufupi, bila kupoteza hata herufi moja. Programu inayotengeneza .zip haitupi kitu. Inachotafuta ni vitu vinavyojirudia.

Chukua orodha ya mauzo ya duka, faili la .csv lenye mistari laki kadhaa. Karibu kila mstari una maneno haya: «Dar es Salaam,Kinondoni,imelipwa». Mara ya kwanza yanaandikwa kamili. Kwenye mstari unaofuata inawekwa alama fupi tu inayosema: rudi nyuma nafasi 60, nakili herufi 32. Baada ya hapo herufi zinazotokea sana hupewa alama fupi kuliko zile za nadra. Ndiyo maana orodha ya MB 40 inaweza kushuka hadi MB 5.

Picha ya .jpg ni habari nyingine. Kamera ilishaibana siku ilipopigwa, na marudio yaliyokuwamo yalishatumika. Kilichobaki hakina mpangilio wa kunakiliwa. Video za .mp4 na nyimbo za .mp3 ziko vivyo hivyo. Hata .docx na .xlsx zenyewe ni .zip zilizovaa jina lingine: tengeneza nakala ya .docx, ibadilishe jina mwishoni iwe .zip, uifungue, utakuta folda ndani.

Ukitumia amri ya zip, hutakiwi kubahatisha, maana inakuambia imepunguza kiasi gani kwa kila faili:

```
adding: mauzo.csv (deflated 87%)
adding: harusi.jpg (deflated 1%)
```

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba ukiweka picha ileile mara mbili ndani ya .zip, kwa kawaida utailipia mara mbili. Kila faili hubanwa peke yake, na hata ndani ya faili moja njia ya kawaida ya .zip hutazama nyuma KB 32 tu. Haina habari kwamba jirani yake ni pacha.

Kwa hiyo kama barua pepe inakubali MB 25 nawe una picha za MB 30, .zip haitakuvusha. Punguza vipimo vya picha zenyewe, au zipakie mahali utume kiungo. Faida inayobaki ni ya kufunga mzigo: picha 200 zinapakiwa kama faili moja, na majina na folda zinafika zilivyo. Kwa kazi hiyo mimi huzima kubana kabisa, kompyuta isihangaike bure:

```
zip -0 -r harusi.zip picha/
```

Kama faili linahitaji nywila, libane kwanza ndipo ulifunge. Ukianza kwa kulifunga kwa siri, hata ile orodha ya mauzo itakuwa kama picha: marudio yote yamefichika, na .zip haitapata cha kushika.