Kwa nini skripti inayojiendesha hupoteza hesabu kimya kimya?

*Je, inakuwaje skripti ya kujumlisha isiyo na kosa lolote itoe jumla pungufu siku nyingine, na faili ya kufuli huizuiaje?*

Kinachotokea ni kwamba zamu mbili za skripti hiyo zimekuwa hai kwa wakati mmoja, zote zimesoma idadi ileile ya zamani, na ile iliyochelewa kumaliza imefuta kazi ya mwenzake kwa kuandika juu yake. Kufuli huilazimisha zamu ya pili isubiri au iondoke, mradi liwe limefungwa kabla ya kusoma na lifunguliwe baada ya kuandika. Sharti hilo dogo ndilo linalosahaulika mara nyingi, na ndilo nitakalolieleza kwa kirefu.

Tuchukue mfano wa ofisi ya wavuvi mjini Malindi, yenye kompyuta moja ya Linux inayopokea ujumbe kutoka Mayungu, Ngomeni na bandari ya mjini kuhusu kilo za samaki zilizopimwa. Ujumbe hukaa kwenye foleni hadi uchukuliwe. Kila baada ya dakika 5, programu ya `cron` huamsha skripti fupi inayochukua ujumbe mpya na kuongeza kilo zake kwenye jumla ya siku:

```
jumla=$(cat jumla.txt)
mpya=$(./pokea.sh)
echo $((jumla + mpya)) > jumla.txt
```

Mistari hii mitatu ni sahihi kabisa ikitazamwa peke yake. Wakati wa kusi, mashua zinapotoka chache, ujumbe huwa haba na kazi yote humalizika kwa sekunde chache, kwa hiyo skripti inaweza kwenda miezi kadhaa bila dosari. Kaskazi inapoingia, bahari ikatulia na ujumbe ukaongezeka, huku mtandao nao ukizidiwa, mstari wa pili huanza kuchukua dakika 6 au 7. Hapo ndipo mambo huharibika, kwa sababu `cron` haiulizi kama zamu iliyotangulia imekwisha: saa yake ikifika, huanzisha nyingine.

Tufuate asubuhi moja hatua kwa hatua. Saa nne kamili, zamu ya kwanza inaanza, inasoma faili na kukuta 1240, kisha inakwenda kupokea ujumbe na kukwama kwenye mtandao. Saa nne na dakika 5, zamu ya pili inaanza. Nayo inasoma faili, na kwa kuwa hakuna aliyeandika kitu bado, inakuta 1240 ileile. Inachukua ujumbe uliobaki kwenye foleni, wenye kilo 35, inajumlisha na kuandika 1275. Dakika moja na nusu hivi baadaye, zamu ya kwanza inapata kilo zake 60, lakini inazijumlisha na idadi iliyoisoma saa nne, si na ile iliyomo kwenye faili sasa, na inaandika 1300. Jumla halali ilikuwa 1335. Kilo 35 za mvuvi zimepotea, na hakuna popote palipoandikwa kwamba kuna kosa, kwa sababu kila amri ilifanya ilichoambiwa.

Kuna upotevu mwingine ulio nadra zaidi lakini mkubwa zaidi. Alama ya `>` huifanya faili iwe tupu kwanza, ndipo `echo` huandika. Zamu nyingine ikisoma katika upenyo huo mwembamba, itapata utupu, na `bash` inapofanya hesabu huuchukua utupu kuwa sifuri. Jumla ya siku nzima inaweza kushuka ghafla hadi kilo 35, na hivyo anayeona jumla ikirudi karibu na sifuri katikati ya siku ana sababu ya kushuku jambo hili kabla ya kumlaumu karani.

Namna ya kuthibitisha ni rahisi. Kila zamu iandike kwenye faili ya kumbukumbu saa yake, namba yake ya mchakato, ambayo `bash` huitoa kwa `$$`, na neno la kuonyesha kama inaanza au inamaliza. Zamu zilizogongana huonekana wazi:

```
10:00:01 4127 anza
10:05:01 4188 anza
10:05:20 4188 mwisho
10:06:40 4127 mwisho
```

Kuanza mara mbili bila mwisho katikati, kisha zamu ya kwanza ikamaliza baadaye, ni ushahidi wa kutosha.

Wengi wakishaona hivyo hukimbilia dawa ya kwanza inayowajia: skripti iangalie kama faili iitwayo `kufuli` ipo, ikiwepo iondoke, isipokuwepo iiunde. Dawa hiyo ina ugonjwa uleule inaotaka kuuponya. Kuangalia ni tendo moja na kuunda ni tendo jingine, na kati yake zamu mbili zinaweza kuangalia, zote zisione kitu, na zote ziunde faili zikiamini kwamba zimetangulia. Kinachohitajika ni tendo moja lisilogawanyika, linalofanyika au kukataliwa ndani ya kerneli yenyewe, yaani kiini cha Linux. Amri ya `mkdir` ina sifa hiyo: folda ikiwa tayari ipo, amri hushindwa, na michakato miwili ikiiomba kwa wakati mmoja, ni mmoja tu utakaofaulu. Kwa sababu hiyo skripti nyingi za zamani hutumia folda tupu kama kufuli na kuiondoa kwa `rmdir` mwishoni.

Udhaifu wa folda ni kwamba inabaki hata mwenyewe akifa. Umeme ukikatika katikati ya zamu, au mtu akiiua zamu kwa `kill -9`, hakuna atakayeifuta. Zamu zote zinazofuata zitaikuta folda, zitaondoka kwa adabu, na jumla itaganda pale ilipo mpaka mtu ashtuke. Unaweza kuiweka chini ya `/run`, ambayo kwa kawaida huwa kwenye kumbukumbu ya muda na hufutika kompyuta inapowashwa upya, lakini hilo halisaidii kwa zamu iliyouawa bila kompyuta kuzimika. Wapo wanaoandika namba ya mchakato ndani ya folda ili zamu inayofuata ihakikishe kama mwenyewe yu hai. Mimi siipendi njia hiyo, kwa kuwa namba za mchakato hutumika tena kwa michakato mingine, na zamu mbili zinazoamua kwa pamoja kuondoa kufuli lililoachwa huturudisha kwenye mgongano uleule.

Kwa kompyuta moja ya Linux, jibu lililo bora ni amri ya `flock`. Hapa kufuli si kuwepo kwa faili. Faili inaweza kukaa hapo miaka yote bila madhara, kwani kufuli lenyewe hushikwa na kerneli juu ya faili iliyofunguliwa, na kerneli huliachilia mara faili hiyo inapofungwa na kila mchakato ulioishikilia, jambo linalotokea lenyewe mchakato unapokufa, hata kwa `kill -9`. Mstari wa `crontab`, yaani orodha ya kazi za `cron`, unakuwa hivi:

```
*/5 * * * * flock -n $HOME/jumla.lock $HOME/jumla.sh
```

Herufi `-n` ina maana kwamba kufuli likiwa mikononi mwa mwingine, zamu hii isingoje bali iondoke. Kwa mfano wetu wa Malindi hilo ndilo linalofaa, kwa sababu ujumbe ambao haukuchukuliwa saa nne na dakika 5 unabaki kwenye foleni na utachukuliwa na zamu ijayo. Bila `-n`, zamu hupanga mstari na kungoja: mtandao ukikwama kwa saa mbili, zamu 24 hivi zitakuwa zimerundikana. Lakini kumbuka kwamba kwa `-n` zamu iliyokwama milele itazifungia nje zote, kwa hiyo ndani ya `pokea.sh` kila muunganisho uwekewe kikomo cha muda, na ujumbe uondolewe kwenye foleni ukishapokelewa wote tu.

Nirudi sasa kwenye sharti nililolitaja mwanzoni. Mtu anaweza kuona kwamba hatari iko kwenye kuandika, akaweka `flock` kwenye mstari wa mwisho peke yake. Rudia asubuhi ile ukiwa na kufuli la namna hiyo: zamu ya pili inafunga, inaandika 1275, inafungua, zamu ya kwanza inafunga, inaandika 1300, inafungua. Hakuna kilichobadilika, ila sasa kosa limefanyika kwa zamu moja moja. Idadi ya 1240 ilikwisha kuwa ya zamani kabla kufuli halijafungwa. Ukitaka kufuli lishikwe kwa muda mfupi, usilipunguze upande wa kusoma. Badala yake uhamishe kusoma kuje baada ya kupokea:

```
mpya=$(./pokea.sh)
exec 9> jumla.lock
flock 9
jumla=$(cat jumla.txt)
echo $((jumla + mpya)) > jumla.tmp && mv jumla.tmp jumla.txt
```

Mstari wa `exec` hufungua faili ya kufuli kwa namba 9, `flock 9` hulifunga kufuli, nalo hufunguka skripti inapokwisha. Hapa kazi ya dakika 6 iko nje ya kufuli, na kilichobaki ndani huisha mara moja, hivyo kungoja hakuna ubaya na `-n` haihitajiki. Njia hii hufaa tu kama `pokea.sh` mbili zikikimbia pamoja haziwezi kuchukua ujumbe mmoja mara mbili. Kama huna hakika na hilo, tumia ule mstari wa `crontab` unaoifunga skripti nzima. Ile `mv` ya mwisho huweka faili mpya mahali pa ile ya zamani kwa tendo moja, mradi zote ziko kwenye mfumo mmoja wa faili, na kwa hiyo msomaji mwingine hatakuta utupu kamwe. Hiyo pia ndiyo sababu kufuli linawekwa kwenye `jumla.lock` na si kwenye `jumla.txt`: ukifunga faili ambayo itabadilishwa kwa `mv`, anayekuja baadaye hufungua faili mpya yenye jina lilelile, nanyi mtakuwa mmeshika makufuli mawili tofauti. Kwa sababu hiyohiyo, usiifute `jumla.lock` mwishoni mwa skripti kwa nia ya kufanya usafi.

Kufuli hili ni la makubaliano. Skripti ya usiku inayorudisha jumla kuwa sifuri, au karani anayefungua `jumla.txt` kwa mkono kusahihisha kilo, hatazuiwa na chochote kama naye hapitii `flock` juu ya `jumla.lock` ileile. Vilevile, skripti ikianzisha mchakato unaobaki nyuma, mchakato huo hurithi faili iliyofunguliwa na huendelea kushika kufuli hata baada ya skripti kwisha. Na ikiwa kompyuta mbili zinaandika kwenye folda moja ya mtandao, kufuli lililo kwenye diski ya mmoja wao halimhusu mwingine.

Kabla ya kuiacha kazi mikononi mwa `cron`, ijaribu kwa madirisha mawili ya kuandikia amri, yote yakiwa kwenye folda moja. Katika la kwanza andika `flock jumla.lock sleep 60`, na kabla dakika haijapita, katika la pili andika `flock -n jumla.lock true; echo $?`. Ukiona 1, zamu ya pili imekataliwa. Isimamishe amri ya dirisha la kwanza kwa Ctrl+C, urudie amri ya pili, nayo itatoa 0 papo hapo bila wewe kufuta chochote.