Kivimbe juu ya figo: je, mama afanyiwe upasuaji?

Daktari, mama yangu ana miaka 58. Alipigwa CT kwa sababu ya mawe ya figo, kikaonekana kivimbe cha sentimita 2.6 kwenye adrenali, tezi iliyo juu ya figo. Wanasema si saratani, ila homoni ya tezi hiyo, kortisoli, ni 96 baada ya kumeza kidonge. Ina maana gani?

Kidonge hicho ni deksamethasoni, dawa inayoiga kortisoli, miligramu 1. Humezwa saa tano usiku, na damu huchukuliwa saa mbili asubuhi. Kwa kawaida ubongo ukishaiona dawa hiyo huacha kuziamuru adrenali, na kortisoli hushuka hadi nanomoli 50 kwa lita au chini yake. Ya mama haikushuka, yaani huenda kivimbe kinatoa homoni chenyewe bila kungoja amri. Kama hana uso uliovimba mviringo, michirizi ya zambarau tumboni wala mapaja yaliyoisha nguvu, tatizo lake ni la kiwango kidogo, si ugonjwa kamili wa Cushing, ule wa kortisoli kuzidi mno.

Lakini msiiamini namba moja. Rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa huivunja deksamethasoni mapema, kipimo kikadanganya. Kirudiwe, kisha apimwe ACTH, homoni inayobeba ile amri. Ikiwa chini, kivimbe ndicho mhusika.

Anatumia dawa tatu za presha na ana kisukari. Vimetokana na hicho kivimbe?

Kinaweza kuchangia. Kortisoli hufanya mwili ushike chumvi, ini limwage sukari, na insulini ishindwe kazi. Ila wengi wa umri wake wana presha na kisukari bila kivimbe chochote, na hakuna kipimo cha kugawa lawama. Apimwe pia aldosteroni, homoni nyingine ya adrenali, maana nayo hupandisha presha.

Kinachosahaulika ni mifupa, ambayo kortisoli huidhoofisha. Pingili za mgongo huweza kubonyea bila maumivu, hata kama kipimo cha uzito wa mifupa kinaonyesha nafuu. Mwombeni mtaalamu wa picha azitazame pingili kwenye CT ileile ya figo, kwa mkato wa ubavuni. Hapigwi picha mpya.

Kikitolewa, atapona?

Kwa presha kuna matumaini ya kweli. Katika jaribio la Ulaya lililochapishwa 2025, wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu: karibu nusu ya waliopasuliwa walibaki na presha ya kawaida bila dawa, wakati kwa wasiopasuliwa walikuwa wachache zaidi. Sukari huboreka kwa baadhi tu. Kuhusu kuvunjika mifupa, ushahidi bado ni dhaifu.

Kwa mama yako, ACTH ikiwa chini na kivimbe kiko upande mmoja tu, mimi ningeelekea kwenye upasuaji wa matundu madogo. Angekuwa na presha nyepesi inayotii dawa moja, ningengoja.

Jambo moja msilipuuze: kivimbe kikitolewa, adrenali ya pili huweza kuwa imelala. Huenda akahitaji vidonge vya haidrokotisoni, badala ya kortisoli yake, kwa wiki au miezi. Akitapika, akilegea au presha ikishuka ghafla, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na asiache vidonge hivyo mwenyewe.