Kushuka si kukubali

"Basi la usiku limetushusha mahali ambapo si kituo kilichoandikwa kwenye tiketi. Nasikia ukishashuka tu, umekubali na huna cha kudai. Ni kweli?"

Si kweli. Tiketi ni makubaliano ya kukufikisha mahali palipoandikwa, na kushuka kwa sababu dereva kazima injini hakuyafuti. Madai mengi hukwama kwa kukosa ushahidi, na hapo ndipo imani hii ilipopata nguvu.

Tuseme tiketi inataja stendi kuu, nanyi mmeachwa saa 9 usiku kwenye kituo cha mafuta, kilomita 14 kabla. Kabla basi halijaondoka, mwombe kondakta aandike nyuma ya tiketi mahali na saa, kisha asaini. Akikataa (na wengi hukataa), piga picha ya namba ya basi na ya bango la mahali hapo, kisha badilishaneni namba za simu na abiria wawili. Tiketi usiirudishe, wala kipande cha tiketi ya mzigo. Toa mizigo yako yote kwenye buti.

Muulize kondakta kama kampuni itawafikisha stendi. Isipowafikisha, subirini penye taa hadi mpate usafiri, na mchukue risiti. Dai nauli ya zile kilomita 14 tu. Kutoka stendi hadi nyumbani ungejilipia hata hivyo, na kuichanganya humo hudhoofisha dai zima.

Tiketi ikitaja jina la mji tu bila stendi, dai ni gumu zaidi.