"Mimi nimetumwa tu": dhana potofu za kumchukulia mtu dawa

Wiki hii peke yake nimeisikia mara nne, "we nipe tu, mimi nimetumwa". Na si wateja peke yao, hata vijana wapya tunaokaa nao dirishani wanaamini hivyohivyo, kwamba mtu akija na cheti cha mwenzake basi kazi imeisha, soma cheti, hesabu vidonge, bandika lebo, kwaheri. Leo naomba niliseme hili vizuri maana limenichosha.

Dhana: aliyetumwa hana haja ya kuulizwa wala kuelezwa, yeye ni mbebaji tu.

Ukweli ni kwamba mara nyingi huyo mbebaji ndo anayempa mgonjwa dawa nyumbani. Anayetuma mtu ni mzee asiyeona vizuri, mtu aliyelala kitandani, mama aliyejifungua juzi, mtoto. Kwa hiyo unachomwambia huyu aliyesimama mbele yako ndicho kitakachofanyika kule, na usipomwambia kitu atajaza mwenyewe kwa anachokijua.

Alikuja kijana kumchukulia mama yake metotreksati. Cheti kimeandikwa vizuri kabisa, miligramu 10 mara moja kwa wiki, vidonge vya miligramu 2.5, maana yake vidonge 4 siku moja tu ya wiki, jumla 16 kwa wiki nne, pamoja na foliki asidi ya kunywa siku nyingine. Nikamuuliza jina kamili la mama na tarehe yake ya kuzaliwa, akajibu, vikalingana na cheti. Hapo wengi ndo wanapoishia. Mimi nikauliza tena, "nyumbani nani anamgawia mama dawa?" Akasema ni yeye, mama macho yamepungua. "Na hii atakunywaje?" Akanijibu bila wasiwasi, "vinne kila asubuhi, kama zile zake za presha."

Vinne kila asubuhi ni miligramu 70 kwa wiki badala ya 10! Dawa hii ikizidi hivyo inazuia uboho kutengeneza damu, mdomo unatoka vidonda, homa inakuja, koo linauma, michubuko inatokea bila kugongwa popote, na watu wanakufa kwa kosa hilihili. Kijana hakuwa mzembe hata kidogo. Dawa zote alizowahi kumpa mama yake zilikuwa za kila siku, sasa kwa nini hii iwe tofauti kama hakuna aliyemwambia?

Tukachagua siku palepale, Jumatatu, kwa sababu ndo siku mama alikuwa ameelekezwa kliniki, nikaandika kwenye lebo "VIDONGE 4 JUMATATU TU" na foliki asidi nikaiandikia Ijumaa. Halafu nikamwomba anirudishie maelezo yote kwa maneno yake. Usimuulize "umeelewa?" maana kila mtu atasema ndio ili aondoke. Mwambie hivi, "kaka, ukifika nyumbani utamwambia mama anywe vipi, hebu nisikie, nihakikishe mimi nimeeleza vizuri." Ukiweka hivyo lawama iko kwako na yeye haoni aibu.

Nikamuuliza pia mambo mawili, kama mama bado anavyo vidonge vya zamani nyumbani, kwa sababu kuna vya miligramu 10 na ukimpa vinne vya hivyo umempa dozi ya mwezi mzima kwa siku moja, na kama kuna dawa nyingine anakunywa, hasa septrini, maana zile mbili pamoja ni hatari. Hakuwa na uhakika na septrini kwa hiyo tukampigia mama. Angalia hapa, piga namba iliyoko kwenye faili la mgonjwa, siyo ile anayokupa aliyetumwa, na anayepokea akutajie mwenyewe tarehe yake ya kuzaliwa. Mazungumzo yote yalichukua dakika tano hivi. Na kama umeshatoa na una wasiwasi, hesabu itakuambia, vidonge 16 vya wiki nne mtu akirudi siku ya nne au ya tano anasema vimeisha usimjazie, mpeleke hospitali siku hiyohiyo akapimwe damu hata kama anajiona mzima.

Kabla hajaondoka kijana akanigeukia, "hii si dawa ya kansa?" Hapo inaingia dhana ya pili, kwamba ndugu wa damu ana haki ya kujua dawa ni ya nini. Hapana. Aliyetumwa apewe kila kitu kuhusu jinsi ya kunywa, kuhifadhi na dalili za hatari, ila ugonjwa ni siri ya mgonjwa mpaka mwenyewe aruhusu, na hii inamhusu mume, mke, mzazi wa mtu mzima, wote. Nilimwambia, "dawa hii inatumika kwa magonjwa zaidi ya moja, kwa nini mama kaandikiwa naomba akueleze mwenyewe." Hujadanganya na hujatoboa siri. Na jamani lebo isiandikwe jina la ugonjwa, halafu acheni kupaza sauti dirishani.

"Ukitaja jina la mgonjwa akasema ndio, inatosha." Haitoshi, na hili ni kosa letu sisi siyo la wateja. Ukiuliza "ni dawa za Asha?" mtu aliyechoka kwenye foleni ataitikia tu, na Asha wako wawili kwenye kapu. Muulize yeye akutajie jina lote na tarehe ya kuzaliwa. Kama tarehe haijui, muulize umri na anapoishi, vikigoma kulingana mpigie mgonjwa.

"Mtoto akitumwa mpe, kwao wanamjua." Simpi. Mtoto hawezi kunirudishia maelezo na njiani anaweza kufungua kopo. Simfokei, namwandikia kikaratasi, "mwambie mama nimeziweka pembeni, aje mtu mzima au anipigie." Dawa zinazodhibitiwa kama mofini ndo kabisa, hizo namtaka mtu mzima mwenye kitambulisho, cheti halisi siyo picha ya simu, anasaini, na kama simjui naongea kwanza na mgonjwa au daktari.

Halafu kuna wale wanaokuja bila cheti wanasimulia dalili, "ana homa na kikohozi, nipe antibayotiki nimpelekee." Dalili za kusimuliwa zinakosa nusu ya habari. Hujui kama ana mimba, kama penisilini inamdhuru, kama anapumua kwa shida. Hapa nakataa, lakini sikatai kwa neno "haiwezekani" halafu nikageuka, hilo linamfanya mtu aende duka la pili akadanganye. Nasema, "pole dada kwa mgonjwa, antibayotiki siwezi kukupa bila yeye kuonwa na daktari, ila tumpigie sasa hivi nimuulize maswali machache nijue kama anaweza kusubiri au aende hospitali leo." Wengi wanakubali, kwa sababu alichotaka ni msaada na msaada ameuona.

Na wale wanaokasirika kwamba unawatilia shaka, sentensi yangu ni ileile miaka yote, "samahani mzee wangu, maswali haya namuuliza kila anayemchukulia mwenzake." Iwe kweli lakini, muulize kila mtu, hata jirani yako, hata mfanyakazi mwenzako aliyekuja kumchukulia mkewe.