Kazi moja ya korosho, zana tatu

Mwishoni mwa Septemba katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho, huku Mtwara vijijini, aliniomba video ya dakika moja na nusu. Alitaka ionyeshe namna ya kuanika korosho na kuchambua madaraja kabla ya kuzipeleka ghalani. Kisha akaongeza kwamba vijiji ni 14, kila kijiji kina siku yake ya kupokelewa mzigo, kwa hiyo kila kimoja kipate video yenye jina lake na tarehe yake. Malipo yalikuwa ya video moja.

Watu wengi huniuliza watumie kipi: akili unde inayotengeneza video kutokana na maelezo, programu ya kuhariri kama CapCut, au skripti, yaani faili la amri ambalo kompyuta inalifuata yenyewe. Wanauliza kana kwamba ni lazima kuchagua kimoja kwa kazi nzima. Mimi huipasua kazi kwanza, halafu kila kipande nakitafutia zana yake.

Nilianza na akili unde kwa sababu mvua moja ya ghafla ilikuwa imenizuia kwenda kupiga picha shambani. Niliandika maelezo ya mkulima akichuma bibo, yaani tunda la mkorosho, na kuinyofoa korosho. Klipu ilitoka nzuri kwa mwanga na kwa rangi. Nikamwonyesha bibi mmoja jirani yangu ambaye amelima korosho tangu ujana wake. Akaisogeza simu karibu na macho, akasema, "Mjukuu wangu, korosho hii kaimenya nani na bado iko mtini?"

Alikuwa sahihi. Korosho ikiwa mtini huning'inia chini ya bibo, imefunikwa na ganda gumu la kijivu lenye ukijani. Klipu yangu ilionyesha kiini cheupe cha rangi ya maziwa, kile kinachouzwa kwenye pakiti, kikiwa kimeota juu ya tunda. Sababu yake haifichiki. Mashine hizi hujifunza kutokana na picha zilizopo, na picha za korosho iliyobanguliwa zimejaa kila mahali kuliko za korosho ghafi.

Nikajaribu njia ya pili, ya kuipa picha niliyopiga mwenyewe iwe fremu ya kwanza. Fremu ya kwanza ikawa sawa kabisa. Mkono ulipoanza kuligeuza bibo, korosho ikahama ubavuni. Picha ya kuanzia hulinda kile kinachoonekana ndani yake tu. Upande wa nyuma, ambao kamera haikuuona, mashine inaukisia. Kuna tatizo jingine pia: klipu hizi huwa za sekunde chache, na ukiunganisha mbili au tatu, mkono uliokuwa na bangili unatokea hauna, na turubai la bluu linageuka jamvi.

Hapo nikajiwekea mpaka. Picha yoyote ambayo mkulima ataitazama ili afanye vivyo hivyo, lazima iwe ya kamera. Klipu moja tu ya akili unde niliibakiza: wingu zito likikusanyika juu ya uwanja, sekunde nne, na pembeni nikaandika "picha ya kompyuta". Wiki niliyorudi shambani jua lilikuwa kali, na hakuna anayejifunza kuanika korosho kwa kutazama wingu.

Video yenyewe niliihariri kwa simu. Hiki ni kipande cha sikio na jicho, na hakuna amri inayokiweza. Kuna mahali mzee mmoja anachukua konzi ya korosho, anazitikisa karibu na sikio, ananyamaza, kisha anaikandamiza moja kwa ukucha wa kidole gumba. Ikikauka vizuri, ukucha hauachi alama. Ukikata ule ukimya wake, mtazamaji hausikii mlio mkavu wa korosho zikigongana, na huo mlio ndio somo. Niliuacha wote, sekunde tatu nzima, nikapunguza maneno yangu mwenyewe mahali pengine. Uhariri ulinichukua jioni mbili.

Nikabaki na faili moja niliyoiita `mama.mp4`, ya wima, upana wa pikseli 720. Kubandika majina 14 kwa mkono ndani ya programu ya kuhariri kunawezekana. Tatizo linakuja kwenye nakala ya tisa, macho yamechoka, umebadilisha jina ukasahau tarehe. Kosa hilo linamtoa mtu nyumbani na magunia yake siku isiyo yake. Sehemu inayojirudia bila kuhitaji hukumu yoyote ndiyo ya skripti.

Niliandika orodha kwenye faili `vijiji.txt`, kila kijiji mstari wake:

```
Nanguruwe|Jumatano 15 Oktoba|Saa 3:00 asubuhi
Dihimba|Alhamisi 16 Oktoba|Saa 3:00 asubuhi
```

Kisha nikatumia ffmpeg, programu ya bure inayochakata video kwa amri za maandishi. Asiye na laptopu anaweza kuiweka kwenye simu ya Android ndani ya Termux, programu ya simu ya kuandikia amri, kwa `pkg install ffmpeg`.

```
while IFS='|' read -r kijiji siku saa; do
  printf '%s\n%s\n%s' "$kijiji" "$siku" "$saa" > kadi.txt
  ffmpeg -nostdin -y -i mama.mp4 -vf \
  "drawtext=fontfile=fonti.ttf:textfile=kadi.txt:fontsize=44:fontcolor=white:box=1:boxcolor=black@0.6:x=(w-text_w)/2:y=h-300:enable='gte(t,78)'" \
  -c:v libx264 -b:v 1000k -c:a copy "$kijiji.mp4"
done < vijiji.txt
```

Faili la fonti, `fonti.ttf`, liwe kwenye folda moja na hayo mengine. Maandishi yanatokea kuanzia sekunde ya 78 na kukaa hadi mwisho. Kilobiti 1000 kwa sekunde, ukiongeza sauti ya kilobiti 128 hivi, kwa sekunde 90 zinatoa faili la karibu MB 13, ambalo mtu mwenye bando dogo anaweza kulipakua kwenye WhatsApp.

Mambo mawili humo yamenigharimu usiku mzima siku za nyuma. La kwanza ni `-nostdin`. Ukiiacha, ffmpeg inasoma herufi kutoka kwenye orodha yako ikidhani unaiamuru kwa kibodi. Dalili yake ni vijiji kupotea, au faili kutoka na jina lililokatwa kichwa. La pili ni nukta pacha ya "3:00". Ndani ya `drawtext`, sehemu ya amri inayoandika maneno juu ya video, alama hiyo hutenganisha mipangilio, hivyo ukiandika saa moja kwa moja kwenye amri, maandishi hukatika au amri hugoma. Kuyapitisha kwenye `kadi.txt` kunaliondoa tatizo hilo. Tena, malizia orodha kwa kubonyeza Enter. Mstari wa mwisho usiofungwa hivyo haufanyiwi kazi, nawe utahesabu video 13 badala ya 14.

Hesabu pekee haitoshi. Nilifungua kila faili kwenye sekunde ya 80 nikisoma kwa sauti huku orodha ya karatasi ya katibu iko mkononi. Jina la kijiji kimoja lilikuwa refu likatoka nje ya kioo pande zote mbili, na ffmpeg haikulalamika hata kidogo. Nilipunguza `fontsize` hadi 36 nikazitoa zote upya, zifanane.

Siku mbili kabla ya mapokezi ya kwanza, saa mbili usiku, katibu akapiga simu. "Mwanangu, Dihimba wamesogezwa Ijumaa. Nimeshachelewa?" Nikabadilisha mstari mmoja, nikaacha huo peke yake kwenye orodha, nikaendesha skripti. Nilisoma sekunde ya 80 mara mbili, nikamtumia pamoja na ombi kwamba ile ya Alhamisi aifute kwenye kundi la kijiji kabla hajaituma mpya.