Hilo si kina, ni zamu ya kuchorwa

Mhusika amesimama mbele ya ukuta, lakini kichwa kimemezwa na matofali huku miguu ikionekana vizuri. Mtu akiona hivyo kwenye gemu ya isometriki, ile inayoonyesha ardhi kwa mshazari kutoka juu, husema, "kina kimeharibika," au, mbaya zaidi, "anapita ukutani." Nimeyasikia mara nyingi mno wiki hii.

Kinachoharibika ni mpangilio wa kuchora: picha ipi itangulie na ipi ije juu yake. Inayochorwa mwisho ndiyo inayofunika.

Neno "kina" ndilo linalotupoteza. Kina ni cha kisima au bahari: chagua nukta yoyote, teremsha kamba, upate kipimo chake. (Vina vya shairi tuviache kando.) Kwenye gemu ya picha bapa hakuna pa kuteremshia kamba. Picha nzima hupewa namba moja tu, na hiyo namba ni zamu, kama ya foleni. Kwa kawaida hupatikana hivi, kwa x na y za kigae, yaani mraba wa ardhi, ambacho kitu kimesimama juu yake:

```
zamu = x + y
```

Namba ndogo ndiyo ya mbali zaidi, nayo huchorwa kwanza. Kwa mhusika anayesimama kwenye kigae kimoja, inatosha. Sasa chukua ukuta mrefu uliochorwa kama picha moja, kutoka kigae (2,5) hadi (7,5). Asha yuko mbele yake kwenye (3,6), zamu 9. Juma yuko nyuma yake kwenye (6,4), zamu 10. Ili Asha aonekane, ukuta uwe chini ya 9. Ili Juma afichwe, uwe juu ya 10. Namba hiyo haipo! Ukiupa ukuta 12, ya ncha yake ya karibu, Asha anakatwa kichwa. Ukiupa 7, ya ncha ya mbali, Juma anatokeza juu ya matofali. Ndiyo maana kuongeza moja kwenye `z-index`, yaani hiyo namba ya zamu, humponya mmoja na kumwumiza mwenzake.

Dawa ni kuukata ukuta vipande sita, kila kigae na picha yake. Vipande vilivyo nyuma ya Asha vina zamu 7 na 8, naye anakuja juu yavyo. Vinavyomfunika Juma vina 11 na 12, naye anafichwa. Hakuna aliyesogezwa hata hatua moja.

Hapo ndipo pa kutofautisha na kupita ukutani. Chora nukta nyekundu miguuni mwa mhusika, baada ya picha nyingine zote. Nukta ikiingia kwenye kigae cha ukuta, kweli amepita, na kosa liko kwenye ukaguzi wa migongano. Ikibaki kwenye (3,6) huku kichwa hakionekani, basi mwenzangu, usimguse aliyeandika migongano. Mwambie tu anayechora kwamba zamu zimepishana.